Maji ya Maharage Huondoka na Kalori Ngapi?

Jioni shangazi huchambua maharage mekundu nusu kilo, akatoa vijiwe na punje zilizotobolewa, akayaosha na kuyamimina kwenye beseni. Anaongeza maji lita moja na nusu, anafunika na sahani. Ukiinua sahani baada ya nusu saa utaona maganda yamejikunja kama ngozi ya vidole vilivyokaa kwenye maji, kwa kuwa ganda hunywa kwanza na nyama ya ndani huchelewa. Kufika asubuhi mikunjo imepotea, punje zimenenepa mara mbili, na maji yaliyobaki yana rangi ya chai ya rangi na povu jembamba pembeni. Hapo shangazi huinamisha beseni, kiganja kikizuia punje, akamwaga maji yote chini ya mgomba.

Mdogo wangu, ambaye ameanza kupunguza uzito na ana daftari la kuandika kila anachokula, aliyaona maji hayo siku moja akafurahi. "Shangazi, mwaga mpaka tone la mwisho. Hizo kalori zote zinaondoka." Shangazi akasimama na beseni mkononi. "Ndiyo maana roho inaniuma, mwanangu. Namwaga kwa ajili ya tumbo la babu yenu, lakini najua namwaga nguvu ya watoto."

Mmoja alikuwa anatumaini, mwingine anahofu, na wote wawili waliamini jambo lilelile: kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya maharage imehamia kwenye maji. Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu si la nyumba yetu peke yake. Wapo akina mama wanaokoroga uji kwa maji ya kulowekea wakiogopa kupoteza, na wapo watu wanaojipimia sahani mbili wakiamini kwamba maharage yaliyolowekwa ni chakula chepesi.

Tuanze na kilichomo kwenye punje. Gramu 100 za maharage makavu zina kalori zinazokaribia 340, kwa hiyo nusu kilo ya shangazi ina kama 1,700. Kiasi hicho kinatoka hasa kwenye wanga, kisha protini, ambayo ni kama gramu 22 katika kila 100. Mafuta ni kidogo mno, gramu moja au zaidi ya hapo kidogo. Sukari zinazoyeyuka kwa urahisi ni gramu chache tu katika kila 100.

Sasa, wanga hauyeyuki kwenye maji baridi. Aliyewahi kukuna muhogo na kuukamua ili apate wanga analijua hili kwa macho yake: ule weupe hautoweki ndani ya maji, unatulia chini ya ndoo, na unaweza kumwaga maji yaliyo juu ukabaki nao. Hapo muhogo umekunwa na seli zake zimechanika. Ndani ya punje nzima ya maharage, chembe za wanga zimefungiwa kila moja ndani ya seli yake, seli zimezungukwa na kuta ngumu, na juu ya yote kuna ganda. Usiku mmoja wa maji baridi hauvunji hata kimoja kati ya vizuizi hivyo. Protini nayo imebanwa humohumo, na inayofanikiwa kutoka ni kidogo.

Kinachotoka ni vile vitu vidogo vinavyoyeyuka na kuweza kupenya: madini, hasa potasiamu, rangi ya ganda na ukakasi wake, vitamini kadhaa za kundi B, na zile sukari. Na sukari za maharage hazifanani zote. Ipo kidogo inayofanana na sukari ya chai, lakini nyingi ni za aina ambayo wataalamu huziita rafinozi na stakiozi. Hizo ndizo zinazomsumbua babu. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata, hivyo zinapita zilivyo mpaka kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanazichachusha. Matokeo yake ni gesi, tumbo kujaa na ngurumo zake. Bakteria wakimaliza kazi, mwili unanyonya sehemu ya mabaki yao, ndiyo maana sukari hizi zinahesabiwa kutupa kama kalori 2 kwa gramu, wakati sukari ya kawaida inatoa 4. Kwa maneno mengine, sehemu nzuri ya kinachomwagwa chini ya mgomba ni ile ambayo mwili wetu ungepata nusu yake tu, tena kwa gharama ya usumbufu.

Kuna njia mbili za kuyahoji maji haya hapohapo jikoni. Ya kwanza ni ile dawa ya vidonda iitwayo tincha ya ayodini inayouzwa duka la dawa. Chukua vijiko viwili vya maji ya uji uliopoa, dondoshea tone moja: yanageuka bluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi, kwa kuwa ayodini ikikutana na wanga hutoa rangi hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa maji uliyoloweka maharage mazima. Ile bluu haiji. Tone linabaki na udongo wake au linafifia. Maji hayo yamwage baada ya jaribio, na kijiko ukioshe vizuri.

Njia ya pili inatoa namba. Pima sufuria tupu na kavu kwenye mizani ya jikoni, mimina maji yote uliyochuja, yachemshe yakauke. Mwanzoni unaweza kutumia moto mkubwa, lakini yakibaki kama kikombe punguza, maana mabaki yakiungua unapoteza unachotaka kupima. Mwishoni chini ya sufuria kunabaki utando wa kahawia unaonatanata. Acha ipoe, pima tena, toa uzito wa sufuria. Kama unakoishi maji ni ya kisima chenye chumvi, chemsha kiasi kilekile cha maji matupu kwenye sufuria nyingine na utoe uzito wa chumvi iliyobaki, la sivyo utayasingizia maharage madini ya kisima.

Maharage mazuri yakilowekwa usiku mmoja kwenye maji ya kawaida hupoteza mara nyingi kati ya gramu 1 na 3 kwa kila gramu 100. Kwa nusu kilo, basi, tutarajie gramu 5 hadi 15. Tuchukue 10, tuone hesabu inakwendaje. Tukijifanya kwamba gramu zote hizo ni sukari kamili ya kalori 4, tunapata kalori 40. Lakini si zote, kwa sababu ndani yake mna madini, ambayo hayana kalori hata moja, na mna zile sukari za nusu thamani. Hesabu ya haki inaangukia karibu na 20. Hata tukiing'ang'ania ile 40, ni kalori 40 kati ya 1,700. Sufuria hiyo ikiliwa na watu watano, kila mmoja amepoteza kalori 8. Kijiko kidogo cha sukari, cha gramu 4, kina kalori 16. Kwa hiyo kilichomwagwa kwa kila mlaji ni nusu ya kijiko cha sukari kwa makadirio ya juu kabisa.

Nilipomsomea shangazi namba hiyo aliniuliza swali zuri: mbona basi maharage yakilala kwenye maji yanaonekana yamepoa nguvu, hayana uzito ule tumboni? Jibu ni gesi. Tumbo lililopungukiwa na zile sukari za bakteria halijai wala halikazi, na mtu huweza kudhani amekula kidogo. Kwa mtoto mdogo hii ni faida, maana asiyevimbiwa anamaliza bakuli lake.

Mdogo wangu hakuridhika. Daftari lake lilionyesha kitu kingine kabisa, nikaomba nilione. Alikuwa amepima maharage makavu gramu 200, akayaloweka, akayapika, akala. Kisha akafungua jedwali la vyakula, akakuta "maharage, yaliyopikwa: kalori 130 kwa gramu 100," akaandika 260. Moyoni alijua makavu yana 340 kwa gramu 100, akahitimisha kwamba tofauti yote imeondoka na maji.

Tofauti hiyo haikuondoka popote. Gramu 100 za maharage makavu zikilowekwa zinakunywa maji karibu sawa na uzito wake, zinakuwa kama 200. Zikiiva zinaweza kuvuka 240. Kalori ni zilezile, ila zimetawanyika ndani ya uzito mkubwa zaidi, kama kijiko cha sukari kinavyokolea kwenye kikombe na kufifia kwenye birika. Jedwali linalosema 130 linazungumzia gramu 100 zilizotoka sufuriani zikiwa zimeshiba maji. Gramu 200 alizopima zikiwa kavu zilikuwa na kalori 680. Aliandika 260. Alikosea kwa 420, wakati maji aliyomwaga, kwa hesabu ya juu, yalikuwa na 16. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na kinga yake ni rahisi: ukipima kikavu, soma mstari wa kikavu, ukipima kilichoiva, soma mstari wa kilichoiva.

Zipo hali ambazo maji huondoka na zaidi, na dalili zake zinaonekana. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, yale ambayo hata mkaa wa debe zima hayaivi, kuta za seli zake zimeharibika na yanavuja zaidi. Maji yake huwa meusi kuliko kawaida, na punje nyingine hubaki na mikunjo au hazinywi kabisa. Punje zilizovunjika au kutobolewa na wadudu nazo zinavuja, kwa kuwa ganda lililokuwa mlango limefunguka, na kwa hizo hata ayodini inaweza kuonyesha bluu hafifu. Maji ya moto hukamua zaidi ya maji baridi. Magadi hulainisha kuta za seli, ndiyo sababu maharage huiva upesi, lakini kwa kulainisha huko mengi zaidi hutoka, na vitamini B1 haivumilii magadi.

Muda nao una kikomo chake. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, beseni likiachwa mchana kutwa baada ya usiku mzima, mapovu huanza kupanda yenyewe na harufu ya uchachu hutokea. Hapo bakteria wameshajikaribisha na wanakula zile sukari wao. Kama lazima yakae, badilisha maji au weka kwenye friji.

Upotevu unaostahili kuogopwa uko kwenye hatua inayofuata. Yakishaanza kuchemka, chembe za wanga hunywa maji na kuvimba, baadhi ya punje hupasuka, na wanga pamoja na protini humiminika kwenye maji. Yule uzito wa mchuzi, ule unaobaki kwenye mwiko ukiuinua, ni chakula kilichotoka ndani ya maharage. Mtu anayechemsha mpaka yaive kisha akachuja na kumwaga mchuzi ili akaange punje tupu, anamwaga mara kadhaa ya kile kilichobaki kwenye beseni la asubuhi. Kwa hiyo nilimwambia shangazi: maji ya kulowekea mwaga bila kuumia, weka mapya, na mchuzi wa kupikia ubaki sufuriani. Mtoto apondewe maharage kwa mchuzi huo.

Na asiwepo mtu wa kuokoa kalori 20 kwa kunywa maji ya kulowekea yakiwa mabichi. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na kulowekwa hakuiondoi vya kutosha. Kinachoimaliza ni mchemko wa kweli, maji yakitokota, si moto wa kufukiza.

Mahindi yana habari yake fupi. Punje nzima ya makande ina ganda gumu kuliko la maharage, na maji huingilia zaidi kwenye ncha, pale iliposhikana na gunzi. Usiku mmoja kwenye maji baridi hutoa kidogo sana. Ili kutoa kingi, viwanda vya wanga huloweka mahindi kwenye maji ya nyuzijoto kama 50 yenye salfa dioksidi, zaidi ya siku nzima, na hata kwa nguvu zote hizo kinachobaki majini ni kama gramu 6 au 7 kwa kila 100 za mahindi. Maji hayo yakikaushwa mpaka yawe mazito huwa na lishe ya kutosha kukuzia viumbe vidogo. Mwaka 1941 watafiti wa maabara ya serikali huko Peoria, jimbo la Illinois nchini Marekani, waliyatumia kulishia kuvu wa penisilini, na mavuno ya dawa yakapanda sana. Ni sifa kubwa kwa maji ya kulowekea, lakini ni ya kiwanda chenye tani za mahindi.

Nyumbani, nguvu ya mahindi hupotelea mashineni. Kukoboa huondoa pumba pamoja na sehemu kubwa ya kiini, na kiini ndicho chenye karibu mafuta yote ya punje. Anayeloweka mahindi yaliyokobolewa siku mbili tatu ili sembe iwe nyeupe anapoteza kidogo tena, kwa sababu ganda halipo na uchachu umeanza, lakini pumba aliyoiacha kwa mwenye mashine ndiyo iliyoondoka na kingi.

Mboga za majani ndizo zilizomshangaza mdogo wangu kuliko vyote. Yeye alikuwa anaukata mchicha kwanza, kisha anauloweka dakika ishirini, akiamini unazidi kuwa mwepesi. Mchicha mbichi una kama kalori 23 kwa gramu 100. Fungu la gramu 300 lina 69. Hata maji yangeweza kuondoka na kila kalori iliyomo, jambo lisilowezekana, angepunguza 69 tu. Alichokuwa anamwaga kilikuwa vitamini C, folati na potasiamu, ambazo humwagika pale kisu kinapofungua seli. Jani zima lina nta juu yake inayolilinda, ndiyo maana mboga inaoshwa ikiwa nzima, mchanga unatoka, kisha inakatwa na kwenda moja kwa moja jikoni. Mgagani na mnavu ni suala tofauti: zinachemshwa na maji kumwagwa ili uchungu upungue, na anayefanya hivyo anajua anachokitafuta, ingawa kalori si mojawapo.

Tulisimama pale jikoni, mchicha uliooshwa mzima ukidondosha maji kwenye chujio, na yeye akaanza kukaanga kitunguu. Aliinua dumu la mafuta akamimina kwa mkono, kama sote tunavyomimina. Nikamwomba arudie kwa kijiko cha chakula, na kiasi kilekile kikajaza vijiko vitatu. Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Alizima jiko, akalivuta daftari, akatafuta ukurasa wa siku hiyo. Kulikuwa na mstari wa mchicha, wa maharage, wa ugali. Mstari wa mafuta haukuwepo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote iliyotangulia, akauandika.